Amesoma, amekaa kimya

Mwaka 2022, kikundi chetu cha kubangua korosho hapa Mtwara kilikuwa na maboksi sita yaliyojaa, na mnunuzi mmoja tu aliyekuwa akituchukulia kila mwezi. Wenzangu walinipa kazi ya kutafuta wengine kwa sababu mimi ndiye nilikuwa na simu nzuri. Nikamwandikia meneja wa hoteli moja ya mjini, mzee wa makamo, tuliyetambulishwa na mtu anayempelekea samaki. Nilituma picha, bei na maelezo ya kikundi. Baada ya saa moja hivi tiki mbili zikawa za bluu. Jioni ikafika, kimya. Kesho yake asubuhi nikatuma alama ya kuuliza peke yake. Nayo ikasomwa. Mchana nikaandika: "Mzee, naona umesoma, mbona hujibu?"

Safari hii alijibu upesi: "Binti, mimi si mdeni wako."

Nilikaa na ile simu mkononi kwa muda mrefu. Alikuwa na haki. Mtu ambaye hajanunua hata robo kilo kwangu nilimdai jibu kama ninavyomdai aliyekopa. Tena ni mtu wa umri wa baba yangu, na katika ujumbe wote ule sikuwa nimemwamkia. Wiki iliyofuata nilikwenda mwenyewe pale hotelini, nikampa shikamoo, nikamwomba radhi. Alinipokea vizuri, akaagiza nipewe chai. Akaniambia kwamba siku ile aliufungua ujumbe wangu huku mgeni amesimama mbele yake anasubiri ufunguo wa chumba. Aliona picha za korosho, akasema moyoni atamwonyesha mpishi usiku. Usiku akasahau. Asubuhi alipoona alama yangu ya kuuliza alikereka kidogo, na mchana nilipomwambia naona umesoma, aliona anachungwa.

Hakununua. Lakini nilijua kilichotokea upande wa pili wa zile tiki, na tangu siku hiyo nimejifunza kukumbushia kwa namna nyingine kabisa.

Jambo la kwanza lililobadilika ni jinsi ninavyozitazama tiki zenyewe. Tiki za bluu zinasema kitu kimoja tu: mazungumzo yenu yalifunguliwa kwenye simu au kompyuta yake. Inawezekana mtoto ndiye aliyekuwa ameshika simu. Inawezekana ameacha WhatsApp wazi kwenye kompyuta ya ofisini, ujumbe ukaingia kwenye ukurasa uliokuwa tayari mbele, ukahesabiwa umesomwa na yeye yuko stoo anapokea mchele. Na kuna watu wamezima kabisa taarifa ya kusoma. Hao tiki zao hubaki za kijivu hata wakisoma mara kumi, kwa hiyo kijivu nacho si ushahidi. Ukibonyeza ujumbe wako kwa muda na kufungua maelezo yake utaona saa uliposomwa. Mimi huiangalia saa hiyo kwa ajili yangu tu, ili nijue mtu huyu hushika simu wakati gani, na simtajii kamwe. Ukishamwambia mtu "naona umesoma", umehamisha mazungumzo kutoka kwenye korosho kwenda kwenye adabu yake, na huko hakuna biashara.

Sasa niwasimulie mteja wa Dar es Salaam, kwa sababu kwake nilipitia hatua zote, na kila hatua alisoma akanyamaza.

Ilikuwa Septemba 2024. Dada huyu ni mnunuzi wa duka la vyakula, nilipewa namba yake na jamaa wa mizigo ya mabasi. Jumanne tarehe 3 nilimtumia ujumbe wa kwanza. Niliupenda sana ujumbe ule. Ulikuwa na salamu, historia ya kikundi, picha nne, na bei za madaraja matano: W240, W320, vipande viwili, vipande vidogo na zilizoungua kidogo. Kila daraja lilikuwa na bei ya mfuko wa nusu kilo na ya boksi. Mwisho niliandika: "Usafiri ni juu ya mteja. Karibu sana kwa oda." Saa 4:41 asubuhi ukasomwa. Basi.

Zamani ningeanza kuuliza siku hiyohiyo. Safari hii nilisubiri, na katika kusubiri nilifanya jambo ambalo sasa nalifanya kila mara: niliufungua ujumbe wangu nikausoma kana kwamba mimi ndiye yule dada. Ili anijibu, alitakiwa achague daraja kati ya matano, achague ujazo, atafute nauli ya boksi kutoka Mtwara, agawanye kwa kilo, kisha alinganishe na anachonunua sasa. Mtu hawezi kufanya hayo amesimama kaunta. Ataweka kando ayafanye akitulia, na siku ya kutulia haifiki. Nilikuwa nimempa kazi, nikaita kazi ile ofa.

Kwa hiyo ujumbe wa pili haukuwa wa kuuliza kama ameona wa kwanza. Ulikuwa wa kumpunguzia ile kazi. Nilikwenda stendi, nikauliza nauli ya boksi la kilo 20, nikapiga hesabu yote mwenyewe. Nikaona dukani kwake kitakachokwenda ni W320, maana ndiyo punje nzima ya kawaida, zinazoingia 300 hadi 320 kwenye ratili moja. W240 ni kubwa zaidi na ghali zaidi, hiyo anaitaka mwenye wateja wa zawadi. Madaraja mengine manne niliyaacha. Jumatatu tarehe 9, saa 4 na dakika chache asubuhi, niliujibu ule ujumbe wangu wa kwanza ili ujitokeze juu yake, asiutafute, nikaandika:

"Habari za asubuhi dada. Ni mimi wa korosho za Mtwara. Nimekupigia hesabu kamili: boksi la kilo 20 za W320, likifika Dar nauli ikiwa ndani, ni shilingi 23,000 kwa kilo. Nina nusu kilo ya kuonja, haina malipo. Niiweke kwenye basi la Alhamisi?"

Naomba nisimame kidogo kwenye salamu. Sisi hatuwezi kumrukia mtu na bei bila kumjulia hali, hasa huku kusini, na mkubwa lazima umwamkie. Lakini wengi wetu hutuma "Habari dada" peke yake, halafu tunasubiri aitikie ndipo tuseme shida. Kwa mtu anayekufahamu hakuna neno. Kwa mtu ambaye bado hajaamua kukujibu, salamu ya peke yake inamfungia mlango: akiitikia, anajua bei inafuata na atakuwa ameshajifunga kuendelea. Kwa hiyo anaiacha. Salamu yangu siku hizi iko ndani ya ujumbe uleule wenye shida yangu, na jina la bidhaa liko kwenye mstari wa kwanza, kwa sababu huo ndio unaoonekana kwenye kioo kabla hata hajafungua.

Na siku nazo nilizichagua. Jumatatu mapema sana mnunuzi anahesabu kilichobaki baada ya wikiendi, saa 4 amepumua. Ijumaa mchana simwandikii mtu, yuko kwenye maandalizi ya swala au ametoka. Siku tano au sita kati ya ujumbe wa kwanza na wa pili zinatosha mtu kuona hujamsahau bila kuhisi umemkalia kooni.

Alisoma. Jioni akajibu neno moja: "Nitakuambia."

Wenzangu walifurahi. Mimi sikufurahi sana, maana neno hili nalijua. "Nitakuambia", "nitakutafuta", "ngoja nione", "inshallah" ni maneno ya heshima ya kutomvunja mtu moyo, na mara nyingi ndani yake kuna hapana. Mara nyingine kuna ndiyo ya kweli isiyo na tarehe. Huwezi kuzitofautisha kwa kuzitazama, inabidi umwombe tarehe, naye awe huru kukunyima. Nikamwandikia: "Asante sana dada. Ili nisikusumbue, nikukumbushe lini?" Akasema baada ya tarehe 20.

Hapo nilipata kitu ambacho sikuwa nacho kabla: ruhusa. Kuanzia hapo nikimwandikia simsumbui, natimiza alichoniambia. Niliandika kwenye daftari langu. Daftari lina safu nne tu: tarehe, nilichouliza, alichosema kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe ya kurudi. Maneno yake mwenyewe ni muhimu, maana wiki mbili baadaye kichwa huyageuza "baada ya tarehe 20" yakawa "ataagiza tarehe 20", na ukimwandikia hivyo unakuwa umemzulia ahadi.

Tarehe 20 ilikuwa Ijumaa. Nilimwacha amalize wikiendi, nikaandika Jumatatu tarehe 23: "Habari za kazi dada. Ulisema nikukumbushe baada ya tarehe 20 kuhusu korosho W320. Bei ni ileile, 23,000 kwa kilo hadi Dar. Minada ya korosho ghafi inafunguliwa Oktoba na nategemea bei kupanda, kwa hiyo hii ni ya mzigo nilionao sasa, una maboksi manne. Nusu kilo ya kuonja bado ipo. Niitume?"

Kuhusu hiyo minada. Wauzaji wengi tukitaka kumsukuma mtu tunamwambia "zinakaribia kuisha" wakati stoo imejaa. Mnunuzi mzoefu huijua sauti hiyo, na wiki inayofuata akikuta bado unazo, amekuhesabu. Nilichomwambia mimi kilikuwa kweli, na angeweza kukihakiki kwa mtu yeyote wa Mtwara au Lindi. Kilo moja ya korosho iliyobanguliwa hula kilo nne na nusu hadi tano za ghafi, kwa hiyo ghafi ikipanda shilingi 1,000 tu, kilo yangu imepanda zaidi ya 4,000 kabla sijalipa kuni wala wabanguaji. Na kweli, Oktoba ile minada ilipofunguliwa bei ya ghafi ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Kama una sababu ya kweli ya tarehe, mweleze mara moja na chanzo chake. Kama huna, usiitengeneze. Mkumbushe tu bila tarehe.

Alisoma saa 4 na nusu. Kimya tena.

Hapa ndipo nilipotaka kukata tamaa, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Alikuwa ameshanijibu mara mbili, kwa hiyo hakuwa ananikimbia. Kulikuwa na kitu kinachomzuia ambacho hawezi kukiandika. Kitu cha namna hiyo hutoka kwa sauti. Jumatano tarehe 25, saa ileile ambayo huwa anasoma, nilipiga simu mara moja. Nilishaamua kwamba asipopokea sitarudia siku hiyo, nitaacha ujumbe mfupi wa kueleza nilikuwa nani. Simu mbili mfululizo kwa mtu asiyekufahamu humfanya adhani kuna msiba.

Akapokea. Nikasema, "Habari za kazi dada, ni mimi wa korosho za Mtwara. Una dakika moja, au nikupigie baadaye?" Akasema sema tu. Sikumuuliza mbona hujajibu. Nilimuuliza, "Kuna kitu kimekosekana kwenye maelezo yangu ambacho ungekihitaji ili uweze kuamua?"

Akashusha pumzi, akaniambia. Yeye haamui. Tajiri ndiye anayeamua, na tajiri hasomi WhatsApp, anataka karatasi mezani: profoma yenye jina la biashara, namba ya mlipakodi, kiasi, bei na namna ya kulipa, na anataka kuonja. Aliona aibu kuniambia kwamba hana mamlaka, maana mimi nilikuwa namwandikia kama mwenye duka. Kila nilipomwandikia "niitume?" nilikuwa namuuliza swali ambalo jibu lake liko mfukoni mwa mtu mwingine.

Jioni ile nilitengeneza profoma ya ukurasa mmoja, nikaituma kama PDF ili aichape, chini yake nikaandika sentensi mbili ambazo angeweza kumsomea tajiri kama zilivyo. Alhamisi nusu kilo ikapanda basi la alfajiri, nikamtumia jina la basi na namba ya risiti ya mzigo, bila swali lolote. Ijumaa alipokea. Sikumwandikia. Ulimi wa tajiri ulikuwa unafanya kazi yake, na mimi kuuliza "ameonaje?" kungemlazimisha yule dada kumharakisha bosi wake. Jumanne tarehe 1 Oktoba aliandika mwenyewe: boksi moja. Kilo 20, shilingi 460,000, nusu kabla na nusu mzigo ukifika. Ananunua hadi leo, kwa bei mpya, na tajiri wake sijawahi kuonana naye.

Tangu hapo, kabla ya kuandika ujumbe wa kukumbushia, najiuliza huyu niliyemwandikia atalazimika kumwonyesha nani. Mpishi, mhasibu, mume, kamati. Kisha ninaandika kitu kinachoweza kubebwa na kupelekwa kwa huyo mwingine bila mimi kuwepo. Ujumbe mrefu wenye picha nne hauwezi kubebwa. Ukurasa mmoja unabebeka, nusu kilo nayo inabebeka.

Wapo wasiojibu kabisa. Kwa hao nina kipimo: ujumbe wa kwanza, kumbusho mbili, simu moja, basi. Kumbusho la kwanza baada ya siku tano au sita, la pili baada ya wiki mbili hivi, na kila moja liwe na kitu kipya cha kumsaidia kuamua. Nikikosa kitu kipya siandiki. Nikifika mwisho natuma ujumbe wa kumfungua, nao nimeuandika mara nyingi hadi nimeuzoea: "Habari za asubuhi kaka. Naona kwa sasa si wakati wake, nami sitakukumbushia tena kuhusu korosho ili nisikusumbue. Ukizihitaji, namba yangu ni hii. Nakutakia kazi njema." Hakuna swali ndani yake, na lazima niwe namaanisha. Mtu akiusoma ule, halafu wiki ijayo akapata ujumbe mwingine wa kwangu, ameshajua neno langu lina uzito gani.

Wengine hujibu ujumbe huo kuliko yote iliyotangulia, nadhani kwa sababu ndio pekee usiowataka kitu. Mmoja wa Lindi alinijibu dakika ileile kwamba walishapata mtu wa Nachingwea na alikuwa hajui aniambieje. Nilimshukuru kwa dhati. Hapana iliyosemwa inaniruhusu kupeleka maboksi kwingine.

Lakini wengi husoma tu. Ninaye mmoja, mwenye mgahawa huko Mikindani, nilimtumia ujumbe wa mwisho Februari. Tiki zilikuwa bluu kabla ya adhuhuri. Kwenye daftari nimepiga mstari chini ya jina lake, na safu ya nne nimeiacha tupu. Tukikutana sokoni tunasalimiana, namuuliza habari za nyumbani, korosho siitaji.